Siku Kikao Kilipocheka

Jioni hii mazungumzo yanamhusu mtu aliyewahi kusimama kikaoni, akasema neno, akachekwa, na tangu siku hiyo hajafungua mdomo tena. Watu wa namna hiyo wako wengi. Wako kwenye kamati za shule, kwenye mikutano ya kijiji, kwenye vikao vya ofisi na vya harusi. Wanafika, wanasaini mahudhurio, wanakunywa soda, halafu wanarudi nyumbani na hoja zao.

Ili tusizungumze juu juu, tuchague kikao kimoja tu, nacho ni kikoba. Na tumchukue mwanachama mmoja, mama muuza mitumba. Mama huyu tumemtunga kwa ajili ya kipindi hiki, lakini yaliyomkuta si ya kutunga. Huenda hata kwenye kikoba chako yupo.

Kikoba chao kina wanachama 25. Wanakutana kila wiki. Wanakaa kwa mpangilio wa namba, sanduku lenye kufuli tatu linawekwa katikati, wenye funguo watatu wanalifungua mbele ya macho ya wote. Kila mwanachama ananunua hisa, kisha anatoa shilingi 1,000 ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba. Wiki moja katibu akasoma kwamba mfuko wa jamii, tangu uanze upya wiki nne zilizopita, una shilingi 88,000. Mama akapiga hesabu kichwani. Watu 25, kila mmoja elfu moja, mara wiki nne. Jibu lilikuwa laki moja. Basi elfu kumi na mbili ziko wapi?

Akasimama. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kidogo, kama wa mtu yeyote anayesimama mbele ya wenzake. Akasema, "Mwenyekiti, mbona mimi napata milioni moja?"

Hakukusudia kusema milioni. Alikusudia laki. Ulimi uliteleza. Lakini kabla hajajisahihisha, mmoja wa pembeni akadakia, "Milioni! Basi tuvunje kikoba leo leo, kila mtu akanunue kiwanja!" Kikao kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akafuta macho, akasema, "Haya, ajenda inayofuata." Mama akakaa. Swali lake, ambalo lilikuwa swali zuri, likazikwa na kile kicheko. Na kuanzia wiki iliyofuata akapewa jina: Mama Milioni.

Hapo, msikilizaji, tutulie kidogo. Nini hasa kilimpata mama huyu?

Kicheko chenyewe kilidumu muda mfupi. Kilichobaki ni kile ambacho mwili wake ulijifunza. Ulijifunza kwamba kusimama mbele ya watu wale ni hatari. Wiki iliyofuata, mwenyekiti alipotamka neno "mengineyo", kabla mama hajafikiri lolote, mdomo ulikauka, viganja vikaloa jasho, moyo ukaanza kwenda mbio. Wakati huo hakuna aliyemwambia neno. Hali ile ilikuja yenyewe. Mtu wa nje anaweza kusema mama huyu anaringa tu, au anadeka. Sivyo. Mwili wa binadamu unaweza kujifunza hofu kwa tukio moja, hasa tukio la kuaibishwa mbele ya watu ambao mtu anategemea kuendelea kuishi nao.

Sasa linakuja swali kubwa zaidi. Kwa nini hofu hiyo haikuisha yenyewe? Miezi ilipita. Waliocheka walikuwa wameshacheka mambo mengine mengi. Kwa nini yeye bado anakauka mdomo?

Wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walilitazama swali hili kwa makini, na mwaka 1995 wakachapisha maelezo yanayotumika mpaka leo na wanaotibu hofu ya kukaa mbele ya watu. Kwa ufupi, walisema hivi: hofu hudumishwa na zile mbinu ndogo ndogo ambazo mwenye hofu huzitumia ili kujikinga. Tukirudie kitu hicho kwa sababu ndicho kiini cha mazungumzo ya leo. Kicheko kiliwasha hofu, lakini kinachoifanya iendelee kuwaka ni mbinu za kujikinga.

Mbinu zenyewe ni zipi? Mtazame mama wetu. Siku hizi anafika sanduku likiwa tayari linafunguliwa, apitilize moja kwa moja mahali pake bila kusalimiana na mtu. Akikaa, anashika kitabu chake cha hisa mbele ya uso na kukisoma kana kwamba kina habari mpya. Akiwa na hoja, anamnong'oneza jirani yake, na jirani ndiye anayeisema, tena anapongezwa. Akiulizwa ana kwa ana, jibu lake ni lile lile: "Sina la kuongeza, wenzangu wameshasema." Na siku moja moja anapojipa moyo, anaipanga sentensi kichwani, anaipangua, anaipanga tena, mpaka mjadala unahamia kwingine. Kisha anashusha pumzi. Afadhali.

Ile "afadhali" ndiyo yenye matata. Kila anaposhusha pumzi, mwili unaandika kumbukumbu kwamba alinusurika kwa sababu alinyamaza. Hapati nafasi ya kugundua kwamba huenda angesema na pasitokee kitu. Angeweza kuhudhuria vikao mia kwa mtindo huo na hofu isipungue hata kidogo, kwa sababu kwa hakika hajahudhuria hata kimoja. Mwili wake ulikuwepo, yeye alikuwa amejificha.

Kuna jambo la pili ambalo Clark na Wells walilionyesha, nalo linahusu mahali macho ya mtu yanapotazama. Mwenye hofu hatazami watu, anajitazama mwenyewe. Anasikiliza mapigo ya moyo wake, anasikiliza sauti yake inavyotetemeka, anahisi uso ukipata moto, na kutokana na hisia hizo anajichorea picha: mtu mzima anayetetemeka, anayechekesha. Kisha anaamini kwamba picha hiyo ndiyo wanayoiona wengine. Hajainua macho kuhakikisha. Angeinua, angeona mmoja anahesabu noti, mwingine anambembeleza mtoto mgongoni, wa tatu anaangalia simu chini ya kanga.

Je, watu hutuona kiasi kile tunachodhani? Mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake waliwahi kulipima jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Walimvalisha mwanafunzi mmoja mmoja fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wa chuoni walimwona amepitwa na wakati, wakamwingiza kwenye chumba chenye wanafunzi wenzake. Kisha wakamuuliza: unadhani wangapi wameiona fulana yako? Wavaaji walidhani karibu nusu ya waliokuwemo. Walioulizwa chumbani, waliokuwa wameiona walikuwa karibu robo tu. Miaka mitatu baadaye Gilovich na mwenzake Kenneth Savitsky walifanya jingine. Waliwaeleza baadhi ya watu, kabla hawajasimama kuhutubia, kwamba woga wa ndani hauonekani nje kiasi mwenyewe anavyouhisi. Walioelezwa hivyo walihutubia vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuelezwa.

Lakini tusidanganyane, msikilizaji. Wako washauri wanaopenda kumwambia aliyechekwa, "Hakuna anayekumbuka." Kwenye ukumbi wa wageni huenda ni kweli. Kwenye kikoba cha watu 25 si kweli, na jina la Mama Milioni ni ushahidi. Watu wanakumbuka. Ila wanachokumbuka ni utani, na utani huo haumaanishi kwamba wamemhukumu mama kuwa hajui hesabu. Waulize mmoja mmoja kama wangemkabidhi mama huyu duka lao kwa siku mbili, wengi wangekubali bila kusita. Yeye anadhani jina lile ni hukumu. Wao kwao ni jina tu, kama anavyoitwa Shangazi au Mjomba mtu asiye ndugu yao.

Haya. Tumeshaona hofu ilivyoingia na inavyodumu. Sasa inatokaje?

Jibu lina miaka mia moja. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto wa karibu miaka mitatu aliyemwita Peter. Peter alikuwa akiogopa sungura mpaka kulia. Jones hakumlazimisha amshike, wala hakumwambia aache woga. Alimweka kitini akila chakula anachokipenda, na sungura akaletwa akiwa kwenye kizimba, mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Wakati mwingine waliletwa watoto wasioogopa sungura, wakacheza naye Peter akiona. Kizimba kikazidi kusogea, kisha sungura akatolewa kizimbani, mpaka ikafika siku Peter anamwacha sungura amtafunetafune vidole. Baada ya hapo Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, akaupa mwendo huo utaratibu katika kitabu chake cha mwaka 1958. Mgonjwa na mtabibu waandike pamoja orodha ya mambo yanayoogopwa, kuanzia dogo hadi kubwa, kisha wapande kama wapandavyo ngazi. Wolpe ndiye pia aliyewazoesha watu kuipa hofu yao alama, kutoka sifuri, yaani utulivu kamili, hadi 100, hofu isiyo na mfano.

Sasa tazama uzuri wa kikoba. Kikoba, kwa taratibu zake zenyewe, tayari kina vidato vya ngazi hiyo. Havihitaji kutengenezwa, vinahitaji kutumiwa.

Tuvipande pamoja na mama. Kila kikao kinapoanza, namba zinaitwa, na kila mwanachama anasema amekuja na hisa ngapi. Siku zote mama alijibu kwa kunyoosha vidole. Kidato cha kwanza ni kujibu kwa sauti: "Namba kumi na nne, hisa tatu." Maneno sita. Akipima hofu yake anaipa alama 25. Anafanya hivyo kikao hiki, kijacho na kinachofuata. Kwenye kikao cha tatu hofu imeshuka, na anaanza kujibu huku akimtazama mtunza sanduku usoni.

Kidato cha pili. Vikundi vingi vina desturi kwamba mwisho wa kikao salio hutangazwa, na wanachama hutakiwa kulikumbuka, ili kikao kijacho mwenyekiti aulize, "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Ni njia ya kulinda fedha hata kwa wasiojua kusoma. Mama analijua jibu siku zote. Sasa analisema kwa sauti. Alama 40, kwa sababu ni hesabu, na hesabu ndiyo iliyomponza. Lakini jibu ni moja, ni fupi, na ana hakika nalo.

Kidato cha tatu ni kuunga mkono hoja ya mwingine na kutoa sababu moja: "Naunga mkono faini ya wachelewaji ibaki ile ile, kwa sababu tukiipandisha watashindwa kulipa." Hapo hasomi jibu tena, anatoa maoni. Alama 55. Kidato cha nne ni kuuliza swali la sentensi moja kwenye mengineyo. Cha tano, kule juu kabisa, alama 90, ni kusimama na kuhoji tena hesabu ya mfuko wa jamii.

Kwa nini asianzie huko juu, amalize yote kwa siku moja? Wako wanaoweza. Lakini mtu akirukia alama 90, moyo ukamshinda, akaishia kukaa katikati ya sentensi, atakuwa amejifunza kile kile alichojifunza siku ya kwanza. Na kosa la upande wa pili pia lipo, tena ndilo linalotokea zaidi: kuganda kwenye kidato cha kwanza miezi sita kwa kisingizio cha kujiandaa. Atajuaje kwamba amekaa sana mahali pamoja? Kidato kikishakuwa cha kawaida, hakimsumbui hata njiani anapokwenda kikaoni, muda wa kupanda umefika. Akisubiri hofu iishe kabisa, atasubiri mpaka kikoba kivunjwe na mgao utolewe.

Kuna kazi moja ya daftari inayokwenda sambamba na ngazi hii, na bila hiyo ngazi inapoteza nusu ya nguvu zake. Kabla ya kikao, mama anaandika nyuma ya daftari lake la biashara kile anachoogopa kitatokea. Si "nitaona aibu", kwa kuwa hilo halipimiki. Anaandika kitu ambacho hata mtu mwingine angeweza kukiona: "Nikitaja salio, angalau watu watano watacheka, na mmoja ataniita Mama Milioni." Akitoka kikaoni, chini yake anaandika kilichotokea. "Hakuna aliyecheka. Mtunza sanduku alisema sawa. Jirani yangu aliniomba chenji." Mwanasaikolojia Michelle Craske na wenzake wamelisisitiza sana jambo hili: kinachomfundisha mtu ni ile tofauti kati ya alichokitarajia na kilichotokea. Pasipo maandishi, akili huisahau tofauti hiyo haraka na kurudi kwenye hadithi yake ya zamani.

Na zile mbinu za kujikinga? Lazima zishuke pamoja naye akipanda, la sivyo anajidanganya. Akitaja salio huku uso umezama kitabuni, au akilisema kwa kasi ili limtoke upesi, na wenzake wakalipokea vizuri, moyo utasema, "Umepona kwa sababu ulijificha." Kwa hiyo anaacha moja moja. Wiki hii kitabu kinakaa mapajani. Wiki ijayo anafika mapema na kusalimia. Kuhusu kukariri hotuba neno kwa neno, hiyo nayo ni mbinu ya kujikinga, na ni mbaya, maana neno moja likipotea yote yanapotea. Bora aandike mambo matatu tu kwenye kipande cha karatasi: anauliza nini, kwa nini, anataka kikao kifanye nini.

Yupo mtu mashuhuri aliyeipitia njia hii bila kuijua kwa jina. Mohandas Gandhi, akiwa wakili kijana aliyerudi kutoka London, alisimama kwenye mahakama ya madai madogo mjini Bombay kumhoji shahidi. Kichwa kikazunguka, swali halikuja. Akakaa, akamwambia wakala atafute wakili mwingine, akaondoka haraka. Ameyaandika mwenyewe katika masimulizi ya maisha yake. Muda si mrefu baadaye, mwaka 1893, akiwa Pretoria, aliwakusanya Wahindi wa mji ule, wengi wao wafanyabiashara, akazungumza nao juu ya ukweli katika biashara na juu ya hali yao. Anaiita hotuba ya kwanza ya hadhara maishani mwake. Tazama mazingira: kundi dogo, nyumbani kwa mtu, jambo alilolifikiria sana, na baada ya hapo wakaendelea kukutana mara kwa mara. Aibu yake haikuyeyuka siku moja. Alipata tu mahali pa kuizoeza sauti yake.

Turudi kwa mama, tumfikishe juu. Siku ya kidato cha tano imefika. Nyumbani ameshafanya zoezi moja ambalo wengi hulisahau: amejizoeza kukosea. Amesimama mbele ya binti yake, akataja tarakimu isiyo sahihi kwa makusudi, binti akacheka, na mama akasema bila haraka: "Nimekosea kutaja, ni laki moja. Swali langu liko pale pale." Wamerudia mara kadhaa mpaka wote wawili wakachoka kucheka. Sentensi hiyo ndiyo aliyoikosa siku ile ya kwanza. Angekuwa nayo, pengine kicheko kingepita na swali lingebaki limesimama.

Kikaoni anainua mkono. Mtani wa siku zote anadakia, "Mama Milioni kaamka leo!" Wawili watatu wanacheka. Mama anasubiri wamalize, anamtazama mwenyekiti, anasema, "Mwenyekiti, wiki nne za kwanza tulichanga laki moja ya jamii. Tulisomewa elfu themanini na nane. Naomba katibu atusomee matumizi." Sauti inatetemeka. Haidhuru. Katibu anafungua daftari, anapekua, kisha anainua kichwa. Elfu kumi na mbili alipewa mwanachama mmoja aliyelazwa, wakati wa kikao kilichofanyika pungufu, na hazikuandikwa kwenye ukurasa wa jamii. Hazikuibwa, zilisahauliwa. Zinaandikwa pale pale, mbele ya watu.

Msikilizaji, angalia kilichotokea hapo. Aliitwa jina lile lile, wakacheka tena, sauti ikatetemeka, na bado swali likajibiwa. Akirudi nyumbani, kwenye daftari lake la biashara ataandika kwamba walicheka watatu. Lakini ataandika pia jambo ambalo hakulitarajia: kwamba kucheka kwao hakukumzuia.

Je, hofu imekwisha? Hapana, na ni vizuri alijue hilo mapema. Yule mtoto Peter, katikati ya mazoezi yake, aliugua homa, akalazwa hospitali karibu miezi miwili. Alipokuwa akitoka, mbwa mkubwa akawarukia yeye na nesi wake. Alipokutana tena na sungura, hofu ilikuwa imerudi kama mwanzo. Jones akaanza upya, na safari hiyo ndiyo iliyofaulu. Hofu ya zamani haifutiki. Inafunikwa na mazoea mapya, na mazoea hayo yanajua zaidi mahali yalipozaliwa. Kwa hiyo mama huyu asishangae akienda kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mbele ya walimu na watu asiowazoea, akakuta mdomo umekauka kama zamani. Huko ana ngazi nyingine ya kupanda. Mara nyingi hupandwa upesi kuliko ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu inafaa kuzoeza sauti zaidi ya mahali pamoja: kikobani, shuleni, kwenye kikao cha mtaa.

Sasa maneno mawili kuhusu mipaka ya haya yote, kwa kuwa yapo yasiyoponywa na ngazi.

La kwanza: kuna hofu iliyozidi kiasi. Kama mtu anaogopa karibu kila mahali penye watu, si kikaoni tu, kama anashindwa kula mbele ya wengine, ameacha kazi au masomo kwa sababu hiyo, na hali imedumu miezi sita au zaidi, huyo aende akaonwe na wataalamu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa zina huduma hizo. Hofu ya namna hiyo inatibika, na sehemu kubwa ya tiba yake ni mambo haya haya, isipokuwa anayapitia akiwa na mtu anayejua kumwongoza.

La pili ni zito zaidi. Wakati mwingine kicheko si utani. Kinatumiwa kwa makusudi kumnyamazisha anayeuliza habari za fedha. Utakitambuaje? Tazama kinachofuata baada ya kicheko. Kama mtu anataniwa halafu anajibiwa, huo ni utani. Kama kila anayegusa daftari anageuzwa kichekesho na ajenda inarukwa, basi usimpeleke mtu huyo akazoezwe ujasiri. Ujasiri anao. Kinachotakiwa ni kikundi kudai daftari likaguliwe.

Na hapo ndipo zamu inapomfikia mwenyekiti. Siku ile ya kwanza, mbali na yule mtani, alikosea pia aliyekuwa akiongoza kikao, aliyecheka na kusema ajenda inayofuata. Alikuwa na sentensi fupi ya kusema: "Tumecheka, sasa tujibu swali." Vikundi vyenye katiba huwa na faini kwa wachelewaji na kwa simu zinazoita katikati ya kikao. Hakuna kinachozuia wanachama kuongeza faini kwa anayemkejeli mwenzake wakati amepewa nafasi ya kusema. Mwenyekiti anaweza pia kutangaza ajenda siku moja kabla, ili anayehitaji kujiandaa ajiandae. Anaweza kumpa nafasi mnyamavu kwa swali jepesi ambalo analijua, badala ya kumshtukiza na "wewe unasemaje?" Na mtu akiteleza ulimi, amwachie sekunde mbili tatu ajisahihishe kabla wengine hawajadakia.

Kwa hiyo, wenyeviti wa vikoba, wa kamati na wa mitaa mnaotusikiliza jioni hii: kwenye kikao chenu kijacho, pitieni majina ya waliohudhuria, mtafute ni nani hajasema neno tangu mwaka uanze. Kisha mmuulize pembeni, kwa heshima, kama kuna siku alichekwa.